Mbona maiti inakakamaa wakati ATP imeshaisha?

"Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuo cha afya. Tumefundishwa msuli unatumia ATP ili ukaze, sasa mtu akifa ATP si inaisha, mbona anakakamaa badala ya kulegea? Na neva hazitumi tena amri, troponini si ingefunga tu? Hiyo kalsiamu inatoka wapi?"

Marahaba. Kinachokuchanganya ni kwamba unaichukulia ATP kama petroli, ikiwepo gari linaenda, ikiisha gari linasimama. Kwenye msuli kuna protini mbili, miosini yenye vichwa vinavyovuta na aktini inayovutwa, na kazi ya kwanza ya ATP ikifika kwenye kichwa cha miosini ni kukiachisha kichwa hicho na aktini. Ukilishika hilo, maiti kukakamaa hakutakushangaza tena.

Twende taratibu. Anzia pale kichwa cha miosini kimeing'ang'ania aktini na mfuko wake uko mtupu, hamna ATP wala ADP ndani. Hapo kimeshika kwa nguvu kweli. Inakuja ATP moja inaingia mfukoni, umbo la kichwa linabadilika kidogo, ule ufa upande wa kushikia aktini unapanuka na mshiko unalegea, kichwa kinabanduka. Ndani ya msuli hai ATP iko kama milimola 5 kwa lita kwa hiyo hili linatokea chini ya milisekunde moja, haraka kiasi kwamba kichwa hakikai kwenye ile hali ya kung'ang'ania.

Kikishabanduka ndo kinaipasua ATP kuwa ADP na fosfeti, lakini vyote viwili vinabaki humo humo mfukoni havitoki. Wakati huo huo shingo ya kichwa inarudi nyuma, kama manati uliyoivuta ukashikilia mpira. Wanafunzi wengi wananiandikia kwenye mtihani kwamba ATP ikipasuka ndo msuli unavuta, hapana, ikipasuka msuli unajiandaa tu, manati imevutwa jiwe bado liko mkononi. Halafu kichwa kinaigusa aktini, mwanzo kwa mshiko dhaifu, kisha kinashika vizuri, fosfeti inatoka na shingo inazunguka mbele na kuusogeza ule uzi mwembamba wa aktini kama nanomita 10 hivi, yani sehemu moja ya laki moja ya milimita. Baada ya hapo ADP nayo inatoka. Na sasa tumerudi pale pale tulipoanzia, mfuko mtupu, mshiko mkali, kichwa kinasubiri ATP nyingine ije ikiachishe.

Isipokuja je? Kinabaki kimeshika. Hakina njia nyingine ya kuachia. Zidisha hilo kwa vichwa vyote vya msuli, na uzi mnene mmoja tu wa miosini una miosini kama 300, kila moja ina vichwa viwili, hapo umepata msuli uliogeuka kuwa kama mti.

Sasa kuhusu troponini. Kwanza ujue kwa nini kidhibiti kimewekwa kwenye uzi mwembamba wa aktini. Ukiichukua miosini peke yake maabara ukaipa ATP, itaipasua upesi lakini itakaa na vile vipande mfukoni muda mrefu, inamaliza ATP moja kwa kama sekunde 10 hadi 20. Ukiweka aktini, kazi hiyo inaongezeka zaidi ya mara 100, maana aktini ndo inayoilazimisha miosini itoe fosfeti. Kwa hiyo ukiificha aktini umezima karibu kila kitu, msuli uliopumzika unakaa na manati zake zimevutwa tayari huku unakula ATP kidogo mno.

Anayeficha aktini ni tropomiosini, protini ndefu kama kamba iliyolala juu ya aktini 7, na kila kamba ina troponini yake moja yenye sehemu tatu. Troponini T inaifunga kwenye kamba, troponini I inaishikilia aktini ili kamba isisogee pale inapoziba, na troponini C ndo inayopokea kalsiamu. Msuli ukiwa umepumzika kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni kama mikromola 0.1 tu kwa lita. Amri ya neva ikifika, kalsiamu inamwagika kutoka kwenye ghala lake, ile retikulamu ya sarkoplazimu, inapanda zaidi ya mara 10, inakaa kwenye troponini C, na troponini C inafunguka upande mmoja kama kiganja. Troponini I inaiacha aktini inaenda kukaa kwenye kile kiganja, na kamba inapata nafasi ya kujiviringisha.

Ila hapa kuna kitu madaftari mengi yanakiruka na ndo kinachojibu nusu ya swali lako. Kalsiamu peke yake haiisogezi kamba mpaka mwisho. Inaisogeza kiasi, halafu vichwa vya kwanza vikishika kwa nguvu ndo vinaisukuma ikae pembeni kabisa, na vya jirani navyo vinapata pa kushika. Mlango unafunguliwa na kalsiamu lakini anayeuzuia usijifunge ni kichwa cha miosini kilichoshika. Kwa hiyo hoja yako kwamba neva zikinyamaza troponini ingefunga tu, ni kweli ikiwa vichwa vinaweza kutoka mlangoni. Na vitatokaje bila ATP?

Halafu kuna hiyo kalsiamu yenyewe. Kuirudisha ghalani ni kazi ya pampu inayoitwa SERCA, na kila ATP moja inarudisha kalsiamu mbili. Ghala halijawahi kuziba kabisa, linavuja kidogo kidogo muda wote, tunaokolewa na pampu inayochota bila kuchoka. Mtu akifa, pampu inakosa ATP, kalsiamu inaendelea kuvuja na hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo amri ya neva haihitajiki tena.

Sasa unganisha uone masaa yanavyoenda. Damu imesimama, oksijeni hakuna, lakini msuli haufi dakika ile ile moyo unapokufa. Bado una kreatini fosfeti ya kutengenezea ATP, ikiisha hiyo unachoma glaikojeni bila oksijeni na asidi inaongezeka, pH inashuka kutoka karibu 7 kwenda chini. Muda wote huo ATP inatosha kuachisha vichwa ndo maana maiti mwanzoni iko laini kabisa. Wanaoosha maiti wanalijua hili kwa mikono, wanafumba macho, wanafunga taya, wanakunja na kunyoosha viungo mapema kabla mwili haujakataa. Kawaida ugumu unaanza kuonekana taya na usoni kati ya saa 2 na 6, unaenea mwili mzima mpaka kama saa 12, na kwenye joto kama letu la pwani unawahi zaidi. Aliyekufa baada ya kukimbia sana au kwenye degedege anakakamaa mapema mno, kwa sababu akiba ya msuli ilishaliwa kabla hajafa. Hapo ukijiuliza swali la wapi ATP ilipofikia unapata jibu bila kukariri masaa.

Ukitaka ushahidi wa haya yote kuna jaribio la zamani ambalo mimi huwa nalirudia darasani kila mwaka kwa kuchora tu ubaoni. Unachukua nyuzi za msuli wa sungura unazilaza kwenye gliserini siku nyingi mpaka utando wa seli unaharibika, vitu vidogo vyote vinatoka nje, ATP na kalsiamu zote zimeondoka, imebaki mitambo ya protini peke yake. Ziweke kwenye maji ya chumvi yasiyo na ATP, ngumu kama fimbo, ukizivuta hazivutiki. Na angalia, hapo kalsiamu hakuna kabisa lakini bado zimekakamaa. Hamishia kwenye bakuli lenye ATP na kemikali ya kunasa kalsiamu, EGTA, zinalegea na unazivuta vizuri. Ongeza kalsiamu ukiwa na ATP ile ile, zinajikunja na kuvuta. Yani kulegea kunahitaji ATP bila kalsiamu, kuvuta kunahitaji vyote viwili, na ukiondoa ATP ni kukakamaa tu uwe na kalsiamu usiwe nayo. Mjapani Setsuro Ebashi ndiye aliyekuja kuonyesha miaka ya 1960 kwamba kalsiamu inafanya kazi hiyo kupitia protini ambayo ilikuwa haijajulikana, akaiita troponini, maana aktini safi na miosini safi zilikuwa zinaendelea na kazi hata bila kalsiamu, hazina wa kuzizuia.

Usije ukachanganya kukakamaa na kujikunja. Bado kuna hali ambayo kalsiamu inamwagika wakati ATP ingalipo, na utaikuta buchani. Ukichinja ng'ombe au mbuzi ukaiwahisha nyama kwenye baridi kali ikiwa bado ya moto, ile baridi inalifanya ghala lishindwe kushika kalsiamu na pampu inakuwa nzito, lakini ATP bado ipo ndani ya msuli. Kwa hiyo hapo kichwa kinashika, kinavuta, kinaachia, kinashika tena mbele zaidi, msuli unajikunja kweli kweli na kufupika, halafu ATP inaisha vichwa vikiwa huko huko. Nyama hiyo utaichemsha mpaka mkaa uishe, itabaki ngumu. Mwenye bucha anayejua kazi yake anaiacha nyama ipoe taratibu kwanza, ikae juu ya nyuzijoto 10 za Selsiasi mpaka ATP iishe, na ikining'inizwa kwa uzito wake nyuzi za msuli haziwezi kufupika sana, ikishakakamaa ndo inaingia baridini.

Na ule ugumu wa maiti kuisha baada ya siku moja mbili tatu haimaanishi ATP imerudi au kamba imejifunga. Vichwa haviachii. Ni vimeng'enya vya msuli wenyewe, kalpeini vikiwa mbele, vinakatakata protini zinazoishikilia fremu ya ndani ya nyuzi, hasa kwenye diski Z, zile kuta ambazo nyuzi za aktini zimejifunga, mpaka fremu inavunjika, lakini ukitazama pale aktini na miosini zilipogusana utakuta bado zimeshikana.