Ajinomoto, nyanya na omena

"Ajinomoto ni sumu ama watu wanatutisha tu? Na nikiiacha mboga itapata utamu wapi?"

Dada, kwa kiasi cha kupikia si sumu, hiyo glutameti yake inayoleta utamu ni ile ile iko kwa nyanya mbivu na mwili hautofautishi, ila ina sodiamu kama thuluthi ya ile ya chumvi kwa hivyo ukiitia punguza chumvi. Lakini hapa Kisumu mi sioni haja yake. Kaanga nyanya mpaka maji yakauke mafuta yajitenge, ndio utie omena uliyoosha na maji moto. Samaki mkavu ana inosineti, kitu kingine cha kuleta utamu, na ikikutana na glutameti ya nyanya utamu unazidi sana kuliko kila moja peke yake. Uyoga mkavu pia hufanya hivyo, uloweke, na yale maji chuja mchanga umwage kwa sufuria, usiyatupe.