Tundu Lile Lile, Kazi Tofauti: Thunderbolt na USB-C ya Kawaida

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja anayemalizia mwaka wa mwisho hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nauweka kama ulivyo, kwa ruhusa yake:

"Shikamoo kaka. Nimenunua laptopu mtumba, dukani wameniambia tundu lake ni Thunderbolt. Mjomba kaniazima monita ya 4K, nimeunga kwa waya wa simu. Laptopu inachaji kutoka kwenye monita ila picha haiji. Na doki ya Thunderbolt niliyonunua pembeni haifanyi kitu kabisa. Nimepigwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Laptopu yako ni nzima. Waya siyo wake, doki, yaani kile kisanduku cha kugawa tundu moja kuwa matundu mengi, siyo yake, na tundu uliloambiwa ni Thunderbolt siyo Thunderbolt. Nimeomba picha ya ubavu wa mashine nikaona kilichochorwa pale: alama ya USB na herufi ya DisplayPort, ile D iliyobeba P ndani yake. Kimshale cha radi, ambacho ndicho alama ya Thunderbolt, hakuna.

Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu maswali ya aina hii yananijia kila mara na wengi mnaonisoma mnaelekea huko huko: meza safi, monita kubwa, waya mmoja unaobeba kila kitu.

USB-C ni umbo la tundu tu. Ndani lina pini 24, na kitakachopita kwenye pini hizo kinaamuliwa na mtengenezaji wa laptopu. Anaweza kuliwekea data peke yake. Anaweza kuongeza kuchaji. Anaweza kuongeza picha. Yote yanaruhusiwa, na kwa nje matundu yanafanana kama mapacha. Thunderbolt kuanzia toleo la 3, la mwaka 2015, inatumia umbo hilo hilo, ila nyuma yake kuna chipu ambayo kwa matoleo ya 3 na 4 inasukuma hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Toleo la 4, la mwaka 2020, limemfunga mtengenezaji zaidi: lazima laptopu iweze kuendesha monita mbili za 4K au moja ya 8K, na kwa laptopu nyembamba zinazotumia chini ya wati 100, angalau tundu moja lazima lipokee chaji. Kwa hiyo ukinunua Thunderbolt 4 umenunua ahadi. Ukinunua USB-C ya kawaida, itabidi uulize kitu kimoja kimoja.

Mimi haya sikuyapata darasani. Kazi yangu ni kuhariri video za makongamano, na tangu shughuli za serikali zihamie huku, kazi zimekuwa nyingi. Kuna mratibu mmoja wa shughuli aliwahi kuniondoa kwenye kazi mbele ya watu kwa sababu nilikataa kuunga mashine yangu kwa waya aliouokota mezani. Alisema, "Huyu anatuchelewesha na mawaya yake." Kazi akapewa mwingine. Lile neno liliniuma, na sitadanganya, bado linaniuma. Lakini mwezi uliopita, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, nilikaa na laptopu yenye Thunderbolt 4, waya mmoja ukiingia kwenye doki: monita ya 4K, diski ya kasi yenye video za kamera tatu, na chaji, vyote kwa pamoja. Wageni walipomaliza chakula cha mchana, muhtasari wa asubuhi ulikuwa tayari kwenye skrini ya ukumbi. Mratibu mwenye shughuli alinifuata mwenyewe kunipa mkono. Watu waliojali mawaya ndio wanaofanya kazi ile, na ninasema hivyo bila aibu.

Turudi kwa mdogo wetu, maana kisa chake kina kila kitu.

Kwanza nilimwambia autupe pembeni waya wa simu. Waya nyingi zinazokuja na chaja za simu zina nyaya za umeme, nyaya za mazungumzo kati ya chaja na kifaa, na jozi moja ya data ya USB 2.0, basi. Jozi za kasi ambazo picha hupitia hazimo kabisa. Ndiyo maana laptopu yake ilichaji vizuri huku monita ikiandika "No Signal". Hapo hata laptopu ya bei mbaya kuliko zote isingetoa picha. Mjomba alikuwa na waya uliokuja na monita, mfupi na mnene. Akaufunga, picha ikaja.

Baada ya saa moja akarudi: "Kaka, kishale cha mausi kinaburuta. Nikishusha ukurasa unaruka ruka." Hii ni dalili ninayoipenda kwa sababu inajieleza yenyewe. Nikamwambia aende Settings, kisha System, Display, Advanced display, asome refresh rate. Ilikuwa 30 Hz. Picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde wakati monita ina uwezo wa mara 60.

Sababu ni hii. Ndani ya waya wa USB-C uliokamilika kuna njia nne za kasi. Monita ya mjomba ina matundu ya USB ya kuchomekea flashi na kibodi, na ilikuwa imepangwa hivi: njia mbili za picha, njia mbili za data. Kwenye laptopu za rika la ile yake, kila njia inabeba kama gigabiti 4.3 za picha kwa sekunde, kwa hiyo njia mbili zinafika kama 8.6. Picha ya 4K kwa 60 Hz inahitaji karibu 13. Haitoshi, kwa hiyo mashine inashuka yenyewe hadi 30 bila kukuuliza. Laptopu mpya zaidi zina njia pana kidogo na hupenya hata kwa mbili, ila yake haimo.

Monita nyingi za USB-C zina mahali pa kuchagua kwenye menyu yao, kati ya mwonekano mkubwa na kasi kubwa ya data. Akachagua mwonekano. Njia zote nne zikaenda kwenye picha, 60 Hz ikatokea, mausi ikatulia. Gharama yake ni kwamba flashi aliyochomeka nyuma ya monita sasa inakopi kwa kasi ya USB 2.0, yaani polepole. Kwa mtu anayeandika tasnifu, hilo halina shida. Flashi achomeke moja kwa moja kwenye laptopu.

Na hapo ndipo Thunderbolt inapotengana na USB-C ya kawaida. USB-C ya kawaida inagawa njia: hizi za picha, hizi za data, na ulichompa mmoja mwenzake kakosa. Thunderbolt inazifunga zote kuwa mkondo mmoja wa gigabiti 40, halafu inapakia picha na data humo humo kadiri zinavyohitajika. 4K kwa 60 Hz inachukua karibu theluthi moja, inayobaki ni ya diski. Kama hufanyi kazi inayohitaji vyote viwili kwa wakati mmoja, hutaona tofauti, na usimruhusu mtu akuuzie tofauti usiyoiona.

Doki sasa. Doki nyingi za Thunderbolt 3 za miaka ya mwanzo zilijengwa kuongea Thunderbolt peke yake. Ukizichomeka kwenye USB-C ya kawaida, zinaweza kutoa chaji tu, au zisitoe chochote, na hakuna programu ya kupakua itakayolirekebisha hilo. Za baadaye, na za Thunderbolt 4, zinakubali kushuka na kufanya kazi kama doki ya kawaida. Yake ni ya zile za mwanzo. Nimemshauri airudishe, na kama hawapokei amuuzie mwenye laptopu yenye radi, kisha anunue doki ya USB-C ya kawaida.

Kuhusu chaji kuna imani moja lazima niivunje: Thunderbolt haichaji kwa nguvu za ajabu. Inatumia utaratibu ule ule wa USB Power Delivery. Chaja na laptopu zinazungumza kwanza, ndipo volti zinapanda kutoka 5 hadi 20. Waya wa kawaida unaruhusiwa ampia 3, na 20 mara 3 ni wati 60. Ili zipite ampia 5, yaani wati 100, waya lazima uwe na chipu ndogo kwenye kichwa inayojitambulisha. Ukiwa na chaja ya wati 100 na waya usio na chipu hiyo, utapata 60 na utailaumu chaja bure. Chaja ya simu inayotoa volti 5 tu, laptopu nyingi zitaikataa. Na laptopu nzito ya kuhariri iliyokuja na chaja ya wati 130, ukiilisha wati 90 za doki, itaonyesha inachaji huku betri ikishuka pole pole ukianza kazi ngumu. Soma wati zilizoandikwa kwenye chaja iliyokuja na mashine, ndicho kipimo.

Waya wa kununua, kama una Thunderbolt, ni wenye kimshale cha radi na namba 4 kwenye kichwa. Huo unabeba gigabiti 40 hata ukiwa na urefu wa mita 2, na unafanya kazi zote za USB-C. Waya za Thunderbolt 3 za bei nafuu hubeba kasi hiyo zikiwa fupi tu, chini ya mita moja. Zile ndefu zenye chipu za kusukuma, nyingi hushuka hadi kasi ya USB 2.0 ukizichomeka kwenye diski ya kawaida. Watu hudhani diski imekufa.

Halafu vumbi letu. Ukiona waya unachaji ukigeuzwa upande mmoja tu, au haushiki mpaka mwisho, zima laptopu na uchokonoe tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Msimu wa kiangazi huku, uchafu hugandamana chini kabisa ya tundu na pini zikakosa mguso.

Kwa mnaokwenda kununua, Uhindini, Majengo au popote, msikubali neno la mdomo. Angalia alama ubavuni. Kama imefutika, washa mashine, fungua Device Manager, kisha System devices na sehemu za USB. Ukiona Thunderbolt Controller au USB4 Host Router, njia ya kasi ipo. Usipoiona, chukua modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome mstari wa USB-C neno kwa neno: unatafuta "Power Delivery" kwa chaji na "DisplayPort" kwa picha. Neno lisilokuwepo, usihesabu kwamba kitu hicho kipo. Na ukichomeka monita Windows ikakuandikia "Display connection might be limited", anza kwa kubadilisha waya. Ikiandika tena kwa waya ulio kamili, shaka inahamia kwenye tundu au adapta. Muuzaji akikataa usiiwashe, mwachie mashine yake.