Mauzo ya siku: upange kwanza, au uhesabu zikiwa zimechanganyika?

Mimi nahesabu pesa kama zinavyotoka kwenye droo, najumlisha kichwani. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni kwamba unafanya kazi mbili kwa pamoja: kuitambua noti, kisha kuiongeza kwenye jumla unayoibeba kichwani. Noti ya 200 ikifuatwa na ya 50, halafu ya 1,000, kila hatua ina hesabu tofauti. Mtu akikuita ukiwa kwenye 7,350, unarudi mwanzo.

Lakini kubwa zaidi ni kwamba kosa halionekani lilipo. Ukihesabu mara ya kwanza ukapata 20,300, mara ya pili 20,450, unajua tu kwamba moja si sahihi. Zikiwa kwenye mafungu, unahesabu vipande tu (moja, mbili, tatu), na kuzidisha unaiachia kalkuleta. Mkanganyiko ukitokea, unarudia fungu moja.

Nikishapanga, nihesabu vipi?

Panga noti zote zielekee upande mmoja, picha juu. Si urembo: noti ya thamani nyingine ikijipenyeza katikati, rangi au picha yake inakushtua mara moja. Nyoosha kona zilizokunjwa, kwa sababu noti iliyokunjwa katikati ukiitazama pembeni huonekana kama mbili. Noti mpya nazo hushikana, basi zipepee kidogo kabla ya kuanza.

Hesabu kila fungu mara mbili, ya pili ukianzia upande wa chini. Idadi zikilingana, andika idadi ya vipande kwenye karatasi kabla hujagusa fungu linalofuata. Usiandike thamani peke yake: "17" ya noti za 200 utaihakiki kwa macho na vidole, ila "3,400" haikwambii ulihesabu nini.

Nimepanga vizuri na bado hesabu haikubaliani na daftari. Nianzie wapi?

Anza na ile tofauti yenyewe, kabla ya kurudia chochote. Tuseme daftari linaonyesha mauzo ya taslimu 18,450, na asubuhi uliweka chenji ya kuanzia 2,000. Droo inatakiwa kuwa na 20,450. Karatasi yako inasoma hivi:

1,000 × 9 = 9,000
500 × 11 = 5,500
200 × 17 = 3,400
100 × 14 = 1,400
50 × 9 = 450
20 × 18 = 360
10 × 13 = 130
5 × 12 = 60
Jumla 20,300

Pungufu ni 150. Hakuna noti ya 150, kwa hiyo si kipande kimoja kilichorukwa. Lakini 200 kutoa 50 ni 150. Noti ya 200 ikiingia kwenye fungu la 50, inahesabiwa kama 50, na jumla inashuka kwa 150 kamili. Fungua fungu la 50. Ukiikuta humo, noti za 200 zinakuwa 18 na za 50 zinabaki 8, na jumla inafika 20,450. Usipoikuta, 150 inaweza pia kuwa chenji iliyozidi aliyopewa mteja, na hiyo huipati kwenye droo hata uhesabu hadi usiku.

Tofauti ikiwa sawa na thamani ya kipande kimoja, mfano 500 kamili, rudia fungu la 500 kwanza. Ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi ulipoandika: 540 ikiandikwa 450, tofauti ni 90. Hapa kuna mtego, maana noti ya 1,000 ikiwekwa kwenye fungu la 100 huleta tofauti ya 900, nayo inagawanyika kwa 9. Kagua mafungu kabla ya kulaumu daftari.

Sarafu zinanimalizia muda. Kuna njia fupi?

Simamisha minara ya sarafu kumi kumi za aina moja, kwenye meza tambarare. Hesabu mnara wa kwanza kwa uangalifu, mingine ilinganishe kimo nao kwa kupitisha kiganja juu. Wenye sarafu tisa utauhisi umezama. Angalizo: nchi ikiwa na matoleo mawili ya sarafu moja, jipya na la zamani, unene unaweza kutofautiana, na kimo kitakudanganya. Tenga matoleo hayo.

Siku nyingine droo ina noti kumi na tano tu. Lazima nipange?

Hapana. Zihesabu tu, lakini toa chenji ya kuanzia kwanza, usije ukaihesabu kama mauzo.