Wazee hawajafa wote, walizaliwa wachache

Jumatatu tulikaa kutengeneza mwongozo wa kusahihishia mtihani wa moko. Swali la nne lilikuwa piramidi ya watu ya Sensa ya 2022 ya Tanzania, yaani mchoro wa pau unaowapanga watu kwa umri, wadogo chini na wazee juu, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Walimu wawili waliokuja mazoezi, vijana wanaojituma kwelikweli, wakaandika kila mmoja kwenye karatasi yake mstari uleule: "Kilele ni chembamba kwa sababu watu wengi hufa kabla ya uzee." Hawakuwa wameangaliziana. Nikaweka kalamu chini. Mstari huo naujua, maana niliufundisha miaka mitatu mfululizo. Basi wadogo zangu, mnaoanza kufundisha mada hii na mnaoisoma kidato cha tano, pokeeni haya.

1. Kabla ya kutamka neno "msingi mpana", soma mhimili wa chini: ni asilimia au ni idadi ya watu? Kisha angalia mwaka, halafu pau ya juu kabisa. Ikiandikwa 80+, hiyo imekusanya wazee wa rika zote kuanzia hapo, usiilinganishe na pau ya miaka mitano.

2. Kilele chembamba. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitunga swali: "Kwa nini piramidi hii inachongoka kuelekea juu?" Jibu nililotaka lilikuwa vifo, basi. Binti mmoja wa kidato cha tano akaandika: "Wazee ni wachache kwa sababu wakati wanazaliwa nchi ilikuwa na watu wachache." Nikapiga mkasi mwekundu, pembeni nikaandika "hujajibu swali". Akaja ofisi ya walimu na karatasi yake, akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Naomba unieleweshe hapa." Nilikuwa na rundo la karatasi mbele yangu na haraka ya kumaliza. Nikamwambia arudi akasome notsi zake. Akasema sawa mwalimu, akaikunja ile karatasi mara nne, akaenda. Sikumwona tena akiuliza swali kwenye kipindi changu mpaka anamaliza shule.

Mwaka uliofuata nikawa nachora ubaoni kisiwa cha kubuni, nikisema hapa hafi mtu mpaka afike miaka 80. Lengo langu lilikuwa kuonyesha kwamba bila vifo piramidi ingekuwa mnara ulionyooka. Nikaweka watoto 100 waliozaliwa kipindi cha kwanza. Watu wanaongezeka, kwa hiyo kipindi kilichofuata 115, kisha 132, kisha 152. Nikaendelea kupanga pau, wapya chini, wa zamani wakisogea juu. Mnara haukutokea. Ilitokea pembetatu safi, kwenye kisiwa ambacho hakuna kaburi hata moja. Darasa zima linaniangalia, mimi naangalia ubao, na kichwani naiona ile karatasi iliyokunjwa.

Usiku ule nikaipiga hesabu ya kwetu. Tuirudie pamoja. Aliyekuwa na miaka 55 kwenye Sensa ya 2022 alizaliwa karibu na Sensa ya 1967. Mwaka huo Tanzania ilikuwa na watu takriban milioni 12.3, na kiwango cha kuzaliwa kilikuwa kama 47 kwa kila watu elfu. Zidisha: watoto wapatao 580,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Chukulia kiwango kimeshuka hadi 36 kwa elfu: watoto milioni 2.2 hivi. Kwa hiyo pau ya mwenye miaka 55 ilianza safari ikiwa kama robo tu ya pau ya mtoto mchanga wa leo, kabla kifo hakijamgusa hata mmoja.

Sisemi vifo havimo. Vimo, na wengi wa rika lile walikufa wakiwa wadogo, maana mwaka 1967 vifo vilikuwa kama 24 kwa elfu. Ninachosema ni kwamba mteremko una sababu mbili, na piramidi moja haiwezi kuzitenganisha. Ukitaka kuzitenganisha, weka piramidi mbili mezani. Waliokuwa na miaka 10–14 mwaka 2012 ndio wenye 20–24 mwaka 2022. Wafuate haohao. Waliopungua wamekufa au wamehama, na hapo ndipo unapoweza kuzungumza juu ya vifo kwa ushahidi.

3. Hatua za mpito wa idadi ya watu, yaani safari ya nchi kutoka vizazi na vifo vingi hadi vichache, msizikariri kwa umbo la piramidi tu. Hatua ni mwenendo wa viwango viwili, cha kuzaliwa na cha vifo, na piramidi ni alama ya nyayo zake. Hatua ya kwanza, vyote viko juu. Ya pili, vifo vinashuka na uzazi unabaki palepale. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini visishuke pamoja. Mwambie chanjo inaingia kijijini kwa siku moja, lakini mama aliyewaona ndugu zake watatu wakifa utotoni hataamua kuzaa wawili kwa sababu ya siku hiyo. Anasubiri aone watoto wanakua. Uamuzi huo mara nyingi unafanywa na binti yake, hasa akiwa amesoma, na hapo mmeingia hatua ya tatu.

Hatua ya tatu itafuteni chini kabisa, pau tatu za kwanza. Kenya ni mfano mzuri: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa kwa wastani watoto 8, na utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Kwenye piramidi ya Sensa ya 2019 pau ya 0–4 ni fupi kuliko ya 5–9, na hiyo ni fupi kuliko ya 10–14. Msingi umeanza kuingia ndani. Ila msishangilie haraka, kwa sababu sensa nyingi husahau watoto wachanga, na pau ya chini inaweza kufupishwa na karani tu. Ndiyo maana unahitaji na takwimu za uzazi.

Hatua ya nne, viwango vyote viwili viko chini; ya tano, vifo vinazidi vizazi. Hapo chukueni Japani, ambako vifo vimeshazidi vizazi. Piramidi yake ina pengo moja jembamba la waliozaliwa 1966. Hakukuwa na vita wala njaa. Ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao, na imani ya zamani ilisema binti anayezaliwa mwaka huo huleta balaa kwa mume. Vizazi vikashuka kwa karibu robo, mwaka uliofuata vikarudi. Wanafunzi hawalisahau pengo hilo kamwe.

4. Modeli hii ya mpito haina wahamiaji. Nilipobandika piramidi ya Katari, yenye tumbo kubwa upande wa wanaume wa miaka 25–45, darasa likajibu "hatua ya nne". Kijana mmoja nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, hao hawakuzaliwa pale. Kaka yangu ni mmoja wao, yuko Doha anajenga." Nikampa alama zote.

Mwongozo wa Jumatatu tuliubadilisha. Swali la nne sasa lina alama mbili: moja kwa anayetaja vifo, moja kwa anayesema walizaliwa wachache.