Usiku wa nne ajali zinaongezeka, na enaji haisaidii

Swali: Dokta, mimi ni supavaiza kiwanda cha maboksi. Tuna makundi matatu, kila kundi linapiga mchana siku saba, usiku siku saba, halafu off wiki nzima, shifti ni masaa 12. Bosi anasema usiku saba mfululizo unasaidia mwili uzoee. Sasa kuanzia usiku wa nne vijana wanajikata, mara nyingi saa kumi usiku. Nawanunulia enaji lakini wapi. Nifanyeje?

Jibu: Hii ya "mwili utazoea" nimeisikia mpaka nimechoka. Hauzoei ndugu yangu! Saa ya mwili inasetiwa na mwanga, na kijana wako akitoka saa moja asubuhi jua linampiga usoni njia nzima, linaiambia ubongo kumekucha. Akifika anajilaza chini ya bati la moto, watoto wanapiga kelele, analala masaa matano kama ana bahati. Kwa hiyo kila usiku anakuja na deni la jana na la juzi, ndo maana tafiti za viwandani zinaonyesha hatari ya ajali usiku wa nne inazidi ya usiku wa kwanza kwa kama theluthi moja. Na saa tisa mpaka kumi na moja ndo mwili uko chini kabisa, mtu anasinzia sekunde chache macho yakiwa wazi na mkono uko kwenye kisu. Ukiona anahesabu boksi zilezile mara mbili, mtoe hapo.

Kuvunja huo usiku saba mfululizo, kuongeza kundi la nne la wafanyakazi sio lazima. Wapange mchana mbili, usiku mbili, off mbili, kila kundi linaanza siku mbili baada ya lingine. Utaona kila siku kuna kundi la mchana, la usiku na lililopumzika, masaa ni yaleyale, ila hakuna anayefika usiku wa tatu. Bado ni wastani wa masaa 56 kwa wiki, ni mengi mno, lipatikane kundi la nne off zinakuwa nne na wastani unashuka mpaka 42.

Kubadilisha visu kufanyike kabla ya saa nane usiku. Kuanzia hapo waachie kwa zamu walale dakika 20, na wakiamka wakae kama robo saa ndo washike mashine, maana mtu aliyetoka usingizini bado mzito.

Enaji sasa. Kafeini haiondoi usingizi, inauficha tu, na nusu yake bado imo mwilini kama masaa matano baadaye, kwa hiyo ya saa kumi usiku inamharibia usingizi wa asubuhi, kesho anakuja amechoka zaidi na wewe unamwongezea kopo. Kama ni lazima, anywe mwanzoni mwa shifti. Na hao wanaouza vidonge vya "kukata usingizi" getini na stendi za malori, pamoja na wanaosifia mirungi, wafukuzeni, dereva anakesha siku mbili kwa vitu hivyo halafu vikiisha nguvu anazima ghafla akiwa barabarani. Vijana wako nao, asubuhi wapande gari la kampuni, wasiendeshe bodaboda wenyewe.