Homa, koo na bilauri isiyonyweka

Mwezi uliopita kaka yangu, mwanamume wa miaka 41 anayeishi nasi hapa Wete, aliugua mafindofindo yaliyomletea homa ya nyuzi 39. Asubuhi alipimwa malaria, hakuonekana nayo, akapewa dawa na kurejea nyumbani. Sisi tuliobaki naye tulijua kwamba mgonjwa wa homa anatakiwa anywe maji mengi, kwa hivyo tulimwekea jagi kubwa la juisi ya ukwaju pembeni mwa kitanda, na kila aliyepita chumbani alimwambia, "Kunywa, kaka." Alikuwa akishika bilauri, akimeza funda moja, anakunja uso na kuirudisha mezani. Ilipofika Magharibi nililitazama jagi nikaona kwamba kwa siku nzima hakuwa amefikisha hata mililita 400.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalo ni ule ukwaju. Kinywaji chochote chenye uchachu, uwe ukwaju, ndimu, chungwa au pasheni, hulichoma koo lililovimba kama kinavyochoma kidonda kibichi, na mgonjwa aliyekwisha kuchomwa mara moja huanza kuikataa bilauri kabla haijamfikia. Chai yenye tangawizi na pilipili manga, ambayo kwetu ndiyo hukimbiliwa mtu akishikwa na koo, nayo huwasha vilevile. Vinavyopita kwa urahisi ni maji ya kawaida yaliyochemshwa yakapoa, dafu, maziwa ya baridi, supu ya kuku iliyochujwa na kuachwa ipoe hadi uvuguvugu, na uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo. Uji huo nimeuona ukimsaidia kaka kuliko maji matupu. Mama yetu mdogo alipinga sana vinywaji vya baridi akisema vitamzidishia ugonjwa. Baridi haizidishi uvimbe wa koo, bali hulitia ganzi kidogo, na hata kumumunya vipande vya barafu kunafaa, mradi barafu hiyo imegandishwa kwa maji yaliyochemshwa.

Kosa la pili lilikuwa la wakati, na hili ndilo lililobadilisha mambo usiku ule. Tulikuwa tukimhimiza anywe saa ambazo maumivu yamepanda, kisha tukimpa paracetamol tunamwacha alale, yaani tulikuwa tukiupoteza ule muda mfupi ambao angeweza kumeza. Paracetamol ya kumeza huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima kufikia nguvu yake. Mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima hunywa gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, na asirudie kabla ya saa 6 kupita wala asizidishe gramu 4 kwa siku, akihesabu pia dawa za mafua ambazo nyingi zina paracetamol ndani yake. Kama kidonge chenyewe hakipiti, cha kawaida kinaweza kusagwa na kuchanganywa na kijiko cha uji au asali, ingawa kitakuwa kichungu.

Saa 2 usiku nilimpa vidonge vilivyosagwa. Nilingoja hadi saa 3 kasoro robo ndipo nikampa bilauri ya kwanza, ambayo ni dafu la baridi la mililita 250, naye akaimaliza kwa mafunda tisa ndani ya nusu saa. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia: mtu anayeumia kila anapomeza huumia karibu sawasawa kwa funda dogo na kwa funda la wastani, kwa hivyo wakati dawa inafanya kazi ni afadhali ameze mafunda machache yaliyojaa kuliko kunyonya tone tone mara mia. Hadi saa 5 alikuwa amekunywa bilauri tatu, mbili za dafu na moja ya uji. Dawa ilipoanza kuisha nguvu tuligeukia kijiko kikubwa cha mililita 15 kila dakika tano, ambacho kwa mwenye subira hufikisha mililita 180 kwa saa. Saa 8 usiku alikunywa dawa tena, na saa 9 akamaliza bilauri mbili za maji. Kabla ya adhana ya Alfajiri alikwenda haja ndogo, mkojo ukiwa wa manjano hafifu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mchana uliopita.

Mkojo ndio niliokuwa nikiufuatilia, kwa sababu dalili nyingine za kupungukiwa maji humdanganya anayeuguza. Midomo iliyokauka haitoshi kuwa ushahidi, kwani mwenye koo lililovimba hulala kinywa wazi na midomo hukauka hata akiwa amekunywa vizuri. Linalofaa kutazamwa ni sehemu iliyo kati ya shavu na ufizi, ambayo ikiwa kavu inamaanisha mwili wenyewe umekauka. Mapigo ya moyo ya haraka nayo huweza kuletwa na homa yenyewe. Lakini mkojo unaofanana na chai ya rangi, kwenda haja mara mbili tu kwa siku nzima, na kizunguzungu mtu anapoinuka kutoka kitandani vikikutana, hakuna haja ya kubishana. Jioni ile kaka aliposimama kwenda kutawadha ilimbidi ashike ukuta, nasi tukasema ni homa tu, na kwamba hakojoi kwa sababu anatoka jasho. Jasho lenyewe ndilo lililokuwa likimmaliza maji.

Asiyekula chochote kwa siku mbili anahitaji pia chumvi na sukari. Pakiti ya ORS iliyochanganywa kwa lita 1 kamili ya maji salama inatosha kazi hiyo, na ladha yake huvumilika zaidi ikiwa ya baridi, ila isikae zaidi ya saa 24. Dafu halichukui nafasi yake kikamilifu, kwa kuwa lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na kwa sababu hiyohiyo mwenye maradhi ya figo asipewe dafu kwa wingi. Mwenye maradhi ya moyo au figo aulizie kwanza kiasi chake cha maji, na mwenye kisukari aangalie asali na juisi.

Nyumbani kuna mpaka wake. Mgonjwa aliyepitisha saa 8 bila mkojo ingawa amejaribu kunywa, aliyezimia, au anayezungumza maneno yasiyoeleweka, anahitaji dripu na si kijiko kingine. Vilevile asingojewe yule anayeacha mate yatiririke kwa kushindwa kuyameza, anayepumua kwa shida, asiyeweza kufungua kinywa sawasawa, au ambaye sauti yake imekuwa kama ya mtu anayesema na tonge mdomoni huku maumivu yakielemea upande mmoja, kwa kuwa huenda usaha umejikusanya kando ya findo na unatakiwa kutolewa. Anayempeleka achukue karatasi yenye saa ya mkojo wa mwisho, kiasi alichokunywa na saa za dawa, kwa sababu hayo ndiyo daktari atakayoyauliza kwanza, na mgonjwa mwenyewe hawezi kusema.