Unukuzi wa mahojiano: mteja wa kwanza na bei ya dakika

*Habari mtaalamu. Nachapa haraka, nina kompyuta na hedifoni, nataka kufanya kazi ya kunukuu mahojiano ya Kiswahili. Sina mteja hata mmoja. Nianzie wapi, na nitoze vipi? – Msomaji, Morogoro.*

Ndugu, uko mahali pazuri. Morogoro kuna SUA na Mzumbe, na wanafunzi wa uzamili huenda vijijini kuhoji watu, wakarudi na rekodi wasizojua watazichapa lini. Hao waanze kuwa wateja wako kabla hujahangaika na mitandao ya kazi ya ng'ambo, ambako Kiswahili chako hakikupi nafasi ya pekee. Zungumza na wenye steshenari karibu na chuo: mtafiti huchapisha madodoso kwao kabla ya kwenda uwandani, kwa hiyo wanajua nani atarudi na sauti.

Usiende na maneno matupu, nenda na sampuli ya ukurasa mmoja. Rekodi ndugu zako wawili, kwa ridhaa yao, wakizungumzia mavuno, kisha nukuu hivi:

MHOJAJI: Mlipata magunia mangapi?
MHOJIWA 1: Kama... kama kumi hivi. [haisikiki 03:12] mvua ilikata.

Mtafiti ataangalia kama umeacha kusitasita kwa msemaji kulivyo, na kama umeweka muda pasiposikika badala ya kubahatisha. Wengine lakini hutaka maandishi yaliyosafishwa, bila "aa" na marudio. Uliza kabla ya kuanza. Na rekodi ya mteja usiifanye sampuli kamwe, hata ukifuta majina; mhojiwa alikubali kusikilizwa kwa ajili ya utafiti, si na wateja wako wajao.

Kuhusu bei, toza kwa dakika ya sauti. Ukitoza kwa kurasa mtagombana juu ya ukubwa wa herufi. Pima kwanza kasi yako: saa moja ya mahojiano ya watu wawili, yenye sauti safi, mara nyingi hula saa nne hadi sita za kuchapa. Tuseme wewe unatumia tano, na moja ya kusikiliza upya ukisahihisha. Ukitaka shilingi 4,000 kwa saa, hiyo ni 24,000 kwa dakika 60, yaani 400 kwa dakika. Mahojiano ya dakika 50 yatakuwa 20,000.

Majadiliano ya kikundi ni habari nyingine. Watu wanane wanaongea kwa pamoja, jogoo anawika, na kumtambua msemaji peke yake kunakula muda. Zikienda saa tisa kwa saa moja ya sauti, bei yako ni 600. Kwa hiyo usitaje bei kabla hujasikiliza dakika tano za katikati ya rekodi. Mwanzoni watu hujitambulisha kwa zamu, kila kitu kinasikika, nawe unadanganyika.

Kwa mteja mpya, omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na utume faili kamili ukishapokea iliyobaki. Mkubaliane pia siku utakayozifuta rekodi kwenye kompyuta yako.